Kurasa nane za mwaka 1518: jinsi ya kuandika insha kuhusu mtambo wa kupiga chapa

*"Shikamoo Mwalimu. Nasoma ualimu mwaka wa kwanza, somo la Historia. Nimepewa insha ya maneno 800: eleza jinsi mtambo wa kupiga chapa ulivyoeneza mawazo na kutikisa mamlaka ya dini na ya kisiasa. Nimeandika kwamba Gutenberg aligundua uchapaji, Biblia zikawa nyingi, Luther akabandika hoja 95, watu wakazisoma, Kanisa likapoteza nguvu. Mhadhiri amenirudishia na maneno mawili tu pembeni: 'Ulifanyaje hasa?' Nimekwama. Nifanyeje?"*

Marahaba. Hayo maneno ya mhadhiri wako usiyachukulie kama karipio. Kila sentensi uliyoandika inaruka kutoka chombo hadi matokeo, na katikati hakuna mtu anayefanya kitu. Mtambo wa mbao hauenezi wazo. Kuna aliyelipa karatasi, kuna aliyepanga herufi, kuna aliyenunua, kuna aliyesoma kwa sauti, na kuna mtawala aliyejaribu kuzuia akashindwa, au akaweza. Ukionyesha mnyororo huo kwa tukio moja tu, utakuwa umejibu swali zima. Tukio ambalo mimi ningelichagua ni kijitabu cha kurasa nane alichoandika Martin Luther, mtawa na mwalimu wa teolojia wa Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1518, na yaliyoupata mji wa Leipzig miaka michache baadaye.

Lakini kwanza tusafishe rasimu, maana ina mambo matatu ambayo msomaji makini atayakamata mara moja.

La kwanza ni kusema Gutenberg aligundua uchapaji. Wachina walikuwa wakichapa kwa mbao zilizochongwa karne nyingi kabla yake, na katika miaka ya 1040 fundi aitwaye Bi Sheng alitengeneza herufi za udongo zinazopangwa na kupanguliwa. Huko Korea kuna kitabu cha Kibudha kilichochapwa kwa herufi za chuma mwaka 1377. Alichofanya Johannes Gutenberg katika mji wa Mainz, karibu na mwaka 1450, ni kuunganisha mambo kadhaa yakafanya kazi pamoja: kalibu ya kumiminia herufi za risasi zilizochanganywa na bati, zikatoka haraka na kwa kimo kimoja, wino wa mafuta unaoshika kwenye chuma, na mtambo wa kukandamiza uliofanana na shinikizo la zabibu. Katika insha ya maneno 800 jambo hili linatosha sentensi moja. Liandike sawasawa, kisha uende mbele.

La pili ni kuonyesha kana kwamba mtambo ulizaliwa ukiwa adui wa Kanisa. Ilikuwa kinyume. Miongoni mwa karatasi za kwanza kabisa zilizochapwa Mainz, mwishoni mwa mwaka 1454, ni hati za rehema za Kanisa. Zilikuwa fomu: maneno yamechapwa tayari, na nafasi imeachwa wazi ya kujaza jina la aliyetoa sadaka na tarehe. Makarani waliokuwa wakinakili hati moja moja kwa mkono sasa waliletewa mamia kwa pamoja. Maaskofu waliufurahia mtambo, wakachapisha vitabu vya misa na sala ili kila parokia iwe na maneno yaleyale. Ukilijua hili, insha yako inapata kina papo hapo, kwa sababu chombo kilichotumika kupinga rehema mwaka 1518 ndicho kilekile kilichokuwa kikizichapa kwa zaidi ya miaka 60.

Na hapo ueleze rehema kwa usahihi. Wanafunzi wengi huandika kwamba Kanisa liliuza msamaha wa dhambi. Mafundisho yenyewe yalikuwa tofauti: dhambi husamehewa kwa toba na kitubio, na rehema hupunguza adhabu inayobaki, ile ambayo mtu angeimalizia toharani. Ila mahubiri ya mitaani hayakuwa makini hivyo. Mwaka 1517 mtawa Johann Tetzel alikuwa akizihubiri hati hizo karibu na Saksonia kwa niaba ya Albrecht, Askofu Mkuu wa Mainz. Sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro huko Roma, na sehemu ilikwenda kulipa deni ambalo Albrecht alikopa kwa familia ya mabenki ya Fugger ili kupata cheo chake. Wasikilizaji wengi walirudi nyumbani wakiamini kwamba wamenunua wokovu wao na wa marehemu wao.

La tatu ni zile hoja 95 alizoandika Luther kupinga biashara hiyo ya rehema. Ni kweli Luther alizipeleka kwa Albrecht tarehe 31 Oktoba 1517, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimechapwa Leipzig, Nuremberg na Basel. Lakini zilikuwa kwa Kilatini, zimeandikwa kwa lugha ya mabishano ya chuo kikuu, nyingine ngumu hata kwa msomi asiyezoea teolojia. Mwashi wa Augsburg au mke wa mwokaji mikate asingeweza kuzisoma. Hoja 95 ziliwaamsha wasomi. Kilichowafikia watu wa kawaida kilikuja miezi mitano baadaye, na hicho ndicho unachokihitaji.

Machi 1518 Luther alitoa kijitabu cha Kijerumani, hotuba fupi juu ya rehema na neema. Alikigawa katika aya 20 fupi, kila moja ikisema jambo moja kwa lugha ya nyumbani. Hakikuwa na Kilatini wala mafumbo ya kisomi. Urefu wake ulitosha kuingia katika kurasa nane, na hapa nakuomba utulie nami, kwa sababu siri ya habari yote imo katika kurasa hizo nane.

Chukua karatasi moja kubwa. Ichape upande mmoja kurasa nne, igeuze uchape nyingine nne. Ikunje mara mbili, ushone au uchome uzi kwenye mkunjo, ukate kingo. Umepata kijitabu cha kurasa nane kutoka karatasi moja tu. Hakina jalada gumu, hakihitaji fundi wa kujalidi. Sasa linganisha na Biblia ya Gutenberg: karibu kurasa 1,280 kwa kila nakala, nakala kama 180, na kazi iliyochukua miaka. Muda wote huo karatasi imelipiwa, ngozi imelipiwa, mafundi wanalipwa, na hakuna senti inayoingia hadi kitabu kimalizike. Gutenberg mwenyewe aliangukia hapo. Mkopeshaji wake, Johann Fust, alimshtaki mwaka 1455 na Gutenberg akaipoteza mali aliyoiweka rehani. Katika miongo iliyofuata wapiga chapa wengi walifilisika kwa njia hiyohiyo, wakichapa vitabu vikubwa vya Kilatini ambavyo wanunuzi wake walikuwa wachache na wametawanyika Ulaya nzima.

Kijitabu cha karatasi moja kiligeuza hesabu hiyo. Mpiga chapa alikipanga na kukichapa kwa siku chache, akakiuza palepale mjini kwa bei ambayo fundi au mfanyabiashara mdogo angeimudu, na fedha ikarudi kabla hajadaiwa. Kikinunuliwa haraka alichapa tena. Kisiponunuliwa, hasara yake ilikuwa karatasi kidogo. Kwa mara ya kwanza, wazo jipya lilikuwa biashara salama kuliko wazo la zamani.

Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi karibu wote hulikosa. Tukisema vijitabu "vilienea", tunaona akilini mikokoteni iliyojaa vitabu ikitoka Wittenberg kwenda kila upande. Haikuwa hivyo. Karatasi ni nzito, barabara zilikuwa mbaya, ushuru ulitozwa kila mpaka. Ilitosha nakala moja kusafiri katika mfuko wa mwanafunzi au mchuuzi. Ikifika Nuremberg, mpiga chapa wa huko aliipanga upya kwa herufi zake na kuichapa kwa karatasi yake. Kutoka huko nyingine ilikwenda Augsburg, na huko nako ikachapwa upya. Hakukuwa na sheria ya hakimiliki iliyowabana, na Luther mwenyewe hakudai malipo kwa maandishi yake. Kila mpiga chapa alifuata faida yake mwenyewe, na kwa kuifuata alilieneza wazo. Hadi mwaka 1520 hotuba ile fupi ilikuwa imechapwa zaidi ya mara 20, katika miji kadhaa.

Kwa hiyo unapojibu "ulifanyaje", jibu liko hapo: maandishi mafupi, lugha ya watu, mtaji mdogo, na kuchapwa upya mji kwa mji. Hilo la mwisho ndilo litakalotuingiza kwenye mamlaka.

Kabla ya hapo, zuia swali moja ambalo mhadhiri ataliuliza: watu wenyewe walijua kusoma? Wengi hawakujua. Mijini waliojua walikuwa wengi kiasi kuliko vijijini, lakini katika nchi nzima walikuwa wachache sana. Basi usiandike "watu wakazisoma". Andika kwamba mmoja alisoma na wengi wakasikia: katika karakana, sokoni, kwenye nyumba za kunywea, na zaidi ya yote kanisani, ambako mhubiri aliyesoma kijitabu Jumamosi alikigeuza mahubiri Jumapili. Sisi tuliokua tukiona gazeti moja likisomwa barazani na watu kumi hatupati shida kuelewa hilo. Na kwa wasiosoma kabisa kulikuwa na picha. Mwaka 1521 karakana ya mchoraji Lucas Cranach, jirani wa Luther pale Wittenberg, ilitoa kijitabu chenye picha 26 za kuchongwa kwenye mbao, zimepangwa mbilimbili: upande huu Kristo anawaosha mitume miguu, upande ule Papa ameketi kwenye kiti watu wanabusu mguu wake. Huhitaji kujua herufi hata moja kuelewa picha mbili hizo zinasema nini juu ya mamlaka.

Sasa twende Leipzig. Wakati huo Saksonia ilikuwa imegawanyika tangu mwaka 1485 baina ya matawi mawili ya familia moja ya watawala. Wittenberg ilikuwa upande wa Frederiki Mwenye Hekima, aliyemlinda Luther. Leipzig, kiasi cha kilomita 70 tu kutoka hapo, ilikuwa upande wa binamu yake, Mtawala Georg, Mkatoliki aliyemchukia Luther kwa dhati. Mwanzoni Leipzig ndiyo iliyokuwa mji mkubwa wa uchapaji. Wittenberg ilikuwa mji mdogo wenye mpiga chapa mmoja mzembe, na wapiga chapa wa Leipzig walijipatia riziki nzuri kwa kuchapa maandishi ya Luther.

Mei 1521, baada ya Luther kukataa kukana maandishi yake mbele ya Karoli wa Tano, Kaisari wa dola iliyoyakusanya majimbo ya Ujerumani, ilitolewa Amri ya Worms: ni marufuku kuchapa, kuuza, kununua, kusoma au kuhifadhi kitabu chake chochote katika dola nzima. Kwenye karatasi amri hiyo ilikuwa kali kabisa. Lakini Kaisari hakuwa na polisi wake katika miji ya Ujerumani. Utekelezaji uliachiwa watawala wa kila jimbo na mabaraza ya kila mji, na kila mmoja aliitekeleza kadiri alivyopenda. Frederiki hakuitekeleza. Georg aliitekeleza kwa nguvu. Luther alipotoa tafsiri yake ya Agano Jipya Septemba 1522, Georg aliipiga marufuku na kuwataka raia waliokwisha kuinunua waisalimishe, naye atawarudishia fedha yao.

Matokeo yake? Mwaka 1524 baraza la mji wa Leipzig lilimpelekea Georg malalamiko kwa niaba ya wapiga chapa. Walieleza kwamba wanazuiwa kuchapa kile ambacho watu wanakitaka, na kwamba maandishi ya upande wa Kikatoliki yamejaa katika maghala yao, hakuna anayeyataka hata kwa bure. Walihofia kupoteza nyumba zao na riziki zao. Wakati huohuo biashara ile ilikuwa imehamia Wittenberg na miji mingine. Hata Melchior Lotter, mpiga chapa mashuhuri wa Leipzig, alikuwa amekwisha kufungua karakana Wittenberg mwaka 1519, na hapo ndipo kilipochapwa, Agosti 1520, kijitabu cha Luther kwa watawala Wakristo wa Ujerumani, nakala 4,000 zilizokwisha kwa siku chache.

Angalia Leipzig inatufundisha nini. Georg hakushindwa kuzuia. Ndani ya mipaka yake alizuia vizuri sana. Alichoshindwa ni kuzuia mji ulio mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu. Mamlaka ilitikiswa mahali ambapo mitambo ilikuwa mingi na mamlaka zenyewe zilikuwa zimegawanyika.

Ili hoja hiyo isimame, ipime upande wa pili. Katika Nchi za Chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji za leo, Karoli alitawala moja kwa moja kama bwana wa nchi. Huko amri zake zilikuwa na meno: tarehe 1 Julai 1523 watawa wawili vijana, Hendrik Vos na Johannes van Esschen, walichomwa moto hadharani Brussels kwa kushikilia mafundisho ya Luther. Mitambo ilikuwepo pia katika nchi hizo, na mingi. Tofauti ilikuwa ni nani anayetawala. Mfano huu mmoja utakuepusha na kosa la kuufanya mtambo kuwa sababu pekee.

Kuna mfano mwingine wa kukuweka mkweli, nao ni Jan Hus. Alihubiri Prague mambo mengi yanayofanana na ya Luther, akachomwa moto Konstanz mwaka 1415, miaka 35 na zaidi kabla ya mtambo wa Mainz. Wafuasi wake huko Bohemia waliyashinda majeshi kadhaa yaliyotumwa kuwaangamiza, bila hata karatasi moja iliyochapwa. Maana yake huwezi kuandika kwamba bila mtambo hakuna upinzani. Unaweza kuandika kwamba bila mtambo upinzani ulibaki zaidi katika nchi moja na lugha moja, na kwa mtambo ulivuka mipaka ndani ya miezi. Hilo ni dai dogo zaidi, lakini linasimama.

Swali lako linataka pia mamlaka ya kisiasa, na hapa wengi huishiwa, wakaongeza sentensi mbili za haraka kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa. Usiende mbali hivyo. Baki palepale Ujerumani, mwaka 1525. Wakulima wa kusini waliochoshwa na kodi, kazi za lazima na utumwa wa ardhi walikutana Memmingen, na mwezi Machi madai yao yakaandikwa katika vifungu 12. Mwandishi alikuwa fundi wa manyoya, Sebastian Lotzer, akisaidiwa na mhubiri Christoph Schappeler. Walitaka kuchagua mchungaji wao, kuachiwa haki ya kuwinda, kuvua na kukata kuni, na kuondolewa utumwa kwa kuwa Kristo amewakomboa wote. Vifungu hivyo vilichapwa mara 20 na zaidi katika muda wa miezi miwili. Wakulima wa mabonde yaliyo mbali, ambao hawakuwahi kuonana, wakajikuta wakidai mambo yaleyale kwa maneno yaleyale. Wakati wa nakala za mkono, kila kijiji kilikuwa na malalamiko yake kwa bwana wake. Mtambo ulifanya malalamiko mengi kuwa dai moja.

Lakini ujue na mwisho wake. Mei 1525 wakulima walichinjwa Frankenhausen, na maasi yote yakazimwa kwa damu ya maelfu mengi. Luther mwenyewe aliandika kijitabu kikali akiwataka watawala wawapige, nacho pia kilichapwa na kuenea. Mwandishi hakuweza kuwaambia wasomaji wake waishie wapi katika kuuelewa uhuru aliouhubiri, na mtambo uliochapa madai ya wakulima ulichapa pia hukumu dhidi yao. Aya moja yenye mambo haya itakupa siasa ya kutosha, tena siasa ya kweli yenye ushindi na kushindwa.

Sasa tuje kwenye maneno yako 800. Una njia mbili. Unaweza kupita juu kwa juu kuanzia Mainz hadi karne ya 18, ukigusa Luther, Galileo, Uingereza na Ufaransa. Njia hiyo inaonekana kamili, lakini kila tukio litapata maneno 150, na kwa maneno 150 huwezi kuonyesha kitu kinavyofanya kazi; utarudi kwenye orodha iliyokukwamisha. Au unachukua miaka michache na nchi moja, ukasema wazi katika utangulizi kwamba umeichagua kwa sababu gani. Mimi ningekwenda na ya pili bila kusita. Kasoro yake ni kwamba huonyeshi kama hali ilikuwa hivyo kila mahali, na ndiyo maana Brussels lazima iingie, hata kwa sentensi tatu.

Anza kwa dai, usianze kwa Gutenberg kuzaliwa. Sentensi yako ya sasa, kwamba mtambo ulieneza mawazo mapya na kuvunja nguvu za Kanisa, ina mtambo kama mtendaji na "mawazo mapya" yasiyotajwa. Jaribu namna hii: "Kati ya mwaka 1518 na 1525 mtambo wa kupiga chapa ulidhoofisha mamlaka ya Papa na Kaisari katika Ujerumani, kwa sababu vijitabu vifupi vya Kijerumani viliwapa wapiga chapa wa miji mingi faida ya haraka, na hakuna mtawala mmoja aliyeweza kuifunga miji hiyo yote." Sentensi hiyo inaweza kupingwa, na hicho ndicho kipimo cha dai. Isiyopingika ni taarifa tu.

Kisha kila aya ichukue sehemu moja ya sentensi hiyo na kuithibitisha. Aya ya Leipzig, kwa mfano, ningeiandika hivi:

"Mgawanyiko wa mamlaka ulifanya marufuku isifanye kazi. Amri ya Worms ya mwaka 1521 ilikataza maandishi ya Luther katika dola nzima, lakini utekelezaji ulibaki mikononi mwa watawala wa majimbo. Mtawala Georg aliisimamia Leipzig, na wapiga chapa wa huko wakaacha kumchapa Luther. Hata hivyo, mwaka 1524 baraza la mji lililalamika kwamba biashara imekufa, kwa kuwa walichoruhusiwa kuchapa hakikuwa na wanunuzi. Wittenberg, umbali wa kilomita 70 hivi chini ya mtawala mwingine, iliendelea kuchapa. Marufuku ilihamisha uchapaji bila kuukomesha. Brussels, ambako Kaisari alitawala moja kwa moja, watu walichomwa moto kwa mafundisho hayohayo mwaka 1523. Nguvu ya mtambo ilitegemea nani anatawala mahali ulipo."

Utaona aya ile inaanza na dai dogo, inafuata ushahidi wenye jina, mahali na mwaka, halafu inaeleza ushahidi huo una maana gani, na mwisho inakubali mpaka wake. Hakuna neno "mapinduzi makubwa", hakuna "dunia ilibadilika milele". Ukijikuta unayaandika hayo, rudi nyuma sentensi moja. Mara nyingi utagundua ndipo maelezo yalipopaswa kuwepo.

Kuna njia rahisi ya kujua kama umefaulu. Soma kila sentensi yenye neno "mtambo" au "uchapaji", ujiulize nani alifanya nini hapo. Ikiwa huwezi kumtaja mpiga chapa, msomaji, mhubiri au mtawala, sentensi hiyo bado ina tobo lilelile aliloliona mhadhiri. Na ukipata "Kanisa" likifanya kitu, uliza ni nani hasa: Papa Leo wa Kumi, Askofu Mkuu Albrecht, au mtawa Tetzel? Walikuwa na haja tofauti.

Kwa kufunga insha yako nakupa kitu ambacho huwa wanafunzi wangu wanakipenda. Agano Jipya la Septemba 1522 lilikuwa na picha za Cranach, na katika kitabu cha Ufunuo yule kahaba wa Babeli alivaa taji la ngazi tatu la Papa. Georg alilalamika, na katika toleo la Desemba taji hilo lilikatwa likabaki la kawaida. Kwa hiyo mtawala aliweza hata kubadilisha mchoro katika mji usio wake. Lakini mwaka 1527 katibu wake, Hieronymus Emser, alitoa Agano Jipya la Kijerumani kwa ajili ya Wakatoliki. Maneno yake kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Luther yaliyosahihishwa hapa na pale, na picha za Ufunuo zilichapwa kwa mbao zilezile zilizotoka kwa Cranach. Georg aliyetaka raia wake wasalimishe kitabu alijikuta akiwapa kitabu kilekile kwa jina jingine.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kukuamulia nikiwa huku, nalo ni upana ambao mhadhiri wako anautaka. Wengine wakisema mamlaka ya kisiasa wanatarajia Uingereza ya karne ya 17 au Ufaransa ya karne ya 18, kulingana na mihadhara waliyotoa. Nenda ofisini kwake kabla hujaandika upya, ukiwa na ile sentensi moja ya dai mkononi na aya ya Leipzig, umuulize kama mwaka 1518 hadi 1525 unakubalika. Ni mazungumzo ya dakika tano. Usimpelekee insha nzima. Mpelekee hivyo viwili. Akisema panua, ongeza aya moja tu kutoka nchi nyingine, uiandike kwa kipimo kilekile cha nani alichapa, nani alisoma, na nani alijaribu kuzuia.